Msiba umetokea usiku: nani apigiwe kwanza, na kundi la ukoo liandikiwe lini

Zamani msiba wa Tukuyu ulifika Iringa siku ya pili, kwa mtu aliyepanda basi na barua, au kwa simu ya posta. Aliyeleta habari alikaa, akala, akaulizwa hali ya safari, ndipo akasema. Leo kijana mmoja akiweka mshumaa kwenye status, mama wa marehemu aliyeko Makete anaweza kuamshwa na jirani anayempa pole ya kitu ambacho hajakisikia. Mambo mengi yanayoharibika kwenye misiba yetu ya Nyanda za Juu Kusini huharibika katika saa chache za mwanzo, kabla ya jeneza na kabla ya michango, kwa sababu taarifa ilitangulia watu.

Mimi katika ukoo wetu ndiye huitwa kuandika. Ninachoeleza hapa ni kazi ya saa hizo chache tu: tangu daktari anaposema, hadi ujumbe unapowekwa kwenye kundi kubwa la ukoo. Kanuni ninayoifuata ni kwamba kundi halipasuliwi habari. Kundi hupelekewa habari ambayo wenye msiba wameshaisikia kwa sauti ya mtu.

Kabla ya simu ya kwanza

Hakikisha kifo kimethibitishwa na daktari au mganga wa zamu, na kwamba kuna ndugu mmoja aliyemwona marehemu kwa macho yake. Inaonekana ni jambo la wazi, lakini habari za korido hupotosha. Mgonjwa akihamishwa wodi usiku, ndugu anakuta kitanda kitupu, anapiga simu analia. Wodi moja inaweza kuwa na wazee wawili wa jina moja, hasa kwa majina yetu ya ukoo ambayo kila kata inayo. Mtu akizimia, mwingine hutangaza. Kwa hiyo aliyeko hospitali asimpigie mtu hadi ayajue mambo matatu: kimethibitishwa na nani, saa ngapi, na mwili unapelekwa wapi.

Kama uvumi umeshaanza na mgonjwa bado yu hai, jibu moja fupi kwenye kundi linatosha: "Mzee yuko hai, anaendelea na matibabu. Taarifa yoyote kuhusu hali yake itatolewa na baba mdogo pekee." Usieleze mashine wala dawa. Kila neno utakaloongeza hapo litazaa swali.

Baada ya hapo chagueni watu wawili. Wa kwanza ni msemaji, ambaye kwa kaya nyingi huku huwa baba mdogo, baba mkubwa, au mtoto mkubwa mwenye kauli. Yeye ndiye anayeamua nini kisemwe. Wa pili ni mpiga simu, mtu mtulivu anayejua namba za ndugu. Si lazima awe mtoto wa marehemu, na mara nyingi ni afadhali asiwe. Mkwe au binamu anaweza kupiga simu kumi na tano bila sauti kukatika. Mwongezeeni salio la kutosha la dakika za kawaida, kwa sababu simu ya wasapu haimfikii mtu ambaye bando limeisha, na vijijini huko Ludewa au Busokelo wapo wanaopanda kilimani asubuhi kutafuta mtandao.

Orodha: ukaribu na hatari ya kuvujiwa

Wengi hupanga orodha kwa heshima: mjane, watoto, kaka na dada wa marehemu, wajomba, kisha wengine. Mpangilio huo ni sahihi lakini hautoshi. Ongeza swali la pili kwa kila jina: huyu akichelewa kuambiwa, anaweza kulisikia kwa njia nyingine kwa haraka kiasi gani? Binti aliye bweni Njombe bila simu ni mtu wa karibu sana, lakini kundi haliwezi kumfikia usiku huo. Mama mjane aliyeko nyumbani na wajukuu wanne wenye simu anaweza kufikiwa ndani ya dakika tano. Wote wawili ni wa kwanza kwa haki, ila saa zao hazifanani.

Swali la tatu ni kama mtu huyo yuko mahali salama pa kuipokea habari. Hapo wanaingia wazee wenye shinikizo la damu, wajawazito walio karibu kujifungua, na wanaoendesha magari. Dereva wa lori au basi hapigiwi akiwa kwenye usukani, hata kama ni mtoto wa kwanza. Mtu aliye katikati ya Mlima Kitonga na tani thelathini nyuma yake hahitaji simu ya namna hiyo.

Kuna majina ambayo husahaulika kila mara, na karibu kila mara ndiyo huleta maneno makaburini. Wajomba wa marehemu, yaani upande wa mama yake, hupaswa kusikia kwa mdomo wa mtu mzima, si kuona kwenye kundi la ukoo wa baba ambalo pengine hata hawamo. Marehemu akiwa mwanamke aliyeolewa, kwao alikozaliwa waambiwe mapema na mtu mwenye umri, kwa sababu suala la wapi azikwe na nani aongee halianzi bila wao. Yupo pia ndugu aliyegombana na marehemu. Huyo mpigieni mapema kuliko mnavyotamani. Akiikuta habari kwenye kundi, ugomvi ule unapata sababu mpya.

Halafu kuna nyumba ya pili. Kama mzee alikuwa na mtoto nje au mke mwingine asiyetajwa mezani, msemaji anajua, na shangazi anajua zaidi yake. Wapigiwe na mzee mmoja kwa siri na kwa heshima, usiku huohuo au alfajiri, kabla ya kundi. Sisemi hivyo kwa huruma peke yake. Mtoto aliyeambiwa hufika msibani akiwa na mtu wa kumpokea na mahali pa kukaa, na aliyejisikilizia huko nje hufika siku ya mazishi, mbele ya mchungaji na watu wote, akiuliza kwa nini jina lake halimo kwenye historia ya marehemu.

Namna ya kuongea kwenye simu

Salimia kama kawaida, lakini kwa ufupi. Kumpigia shangazi saa sita usiku ukaanza bila shikamoo kunamtisha kabla hujasema. Baada ya salamu uliza mambo mawili: uko wapi, na uko na nani. Kama yuko peke yake na ni mzee au mgonjwa, usiseme. Mwambie utampigia tena, kisha tafuta jirani au mtu wa nyumbani aende akae naye.

Kisha sema neno lenyewe: amefariki. Tuna maneno mengi ya staha, nayo yana mahali pake kwenye tangazo, lakini kwenye simu inayokatikakatika ukisema "baba ametutoka" mwenzako anaweza kusikia "baba ametoka", akashukuru Mungu kwa kuruhusiwa hospitali. Mazungumzo yenyewe huwa hivi:

> "Shikamoo shangazi. Uko nyumbani? Uko na nani hapo? … Shangazi, kaa kidogo. Nina habari nzito. Baba amefariki usiku huu saa nne na nusu, hapa hospitali. Baba mdogo na mimi tulikuwa naye."

Hapo nyamaza. Atalia, atauliza tena, na wewe utarudia kwa maneno yaleyale. Usianze kueleza ugonjwa ulivyokwenda. Akitulia kidogo, mpe lile la pili ambalo ni la lazima:

> "Mama bado hajaambiwa. Ataambiwa alfajiri, na wewe tunakuomba uwepo. Tafadhali usimpigie mtu mwingine kwa sasa na usiandike popote. Baba mdogo atatangaza kwenye kundi saa moja asubuhi."

Ile saa ina kazi yake. Ukimwambia mtu "usiseme" bila kumpa mwisho, atamwambia dada yake tu, na dada yake atamwambia mume wake tu. Ukimwambia "hadi saa moja asubuhi", wengi huweza kujizuia.

Kwa bibi au babu wa kijijini, tumia lugha ya nyumbani. Aliyezoea kuletewa mambo mazito kwa Kinyakyusa, Kihehe, Kibena au Kikinga hapaswi kuisikia habari hii kwa Kiswahili cha haraka cha mjukuu wa Dar es Salaam. Na yeye hasa hapigiwi simu. Apelekewe mtu.

Je, mtu aliye mbali aambiwe "mgonjwa amezidiwa, njoo", ili asafiri kwa nguvu? Wazee wetu walifanya hivyo na walikuwa na hekima yao. Tatizo ni kwamba njia hiyo ilifanya kazi wakati msafiri hakuwa na dirisha la kuchungulia nyumbani. Basi linatoka Dar es Salaam alfajiri, lina zaidi ya kilomita mia nane hadi Mbeya, na msafiri ana simu mkononi siku nzima. Ukimficha, basi kundi lote linyamaze hadi ashuke, na watu mia na arobaini hawanyamazi kutwa. Maoni yangu: kufichana kubaki kwa saa moja au mbili tu, kwa mtu anayeendesha chombo au aliye peke yake, na pale tu mnapojua nani atamwambia ukweli na wapi. Kwa abiria wa kutwa, mwambieni kabla hajapanda, na mmtafutie mtu wa kusafiri naye.

Mfano mmoja, kwa saa zake

Tuseme mzee wa miaka sabini na moja amefariki Jumanne saa 4:40 usiku katika hospitali ya rufaa Mbeya mjini. Binti wa pili na baba mdogo wako naye. Mjane yuko nyumbani karibu na Tukuyu, ana shinikizo la damu, anaishi na wajukuu. Binti wa kwanza ni mwalimu Iringa. Mtoto wa tatu ni dereva wa lori anayepeleka mzigo Tunduma, na usiku huu analala Ruaha Mbuyuni. Wa nne yuko Dar es Salaam. Wa mwisho ni kidato cha nne, bweni Njombe. Kundi la ukoo lina watu mia na arobaini, na kuna kundi dogo la watoto peke yao.

Saa 5:00 usiku, baada ya daktari kuthibitisha, baba mdogo anakuwa msemaji. Mume wa binti wa pili anakuwa mpiga simu. Hawaandiki chochote, hata kwenye kundi la watoto, kwa sababu dereva yumo humo.

Saa 5:10 anapigiwa binti wa kwanza. Mume wake yuko pembeni, kwa hiyo anaambiwa yote. Yeye ndiye mkubwa, na maamuzi ya usiku huu hayawezi kumpita. Wanakubaliana mambo mawili kwa simu: mama aambiwe alfajiri, si sasa, na kundi liandikiwe saa 1:00 asubuhi.

Kwa nini mama asubiri? Kutoka Mbeya hadi Tukuyu ni kama kilomita sabini, na baba mdogo anataka kuwepo. Saa sita usiku mama angekuwa na watoto tu ndani ya nyumba. Lakini kusubiri kuna sharti: usiku huo asijue mtu yeyote wa kijijini hapo isipokuwa shangazi. Ingekuwa hospitali yenyewe iko Tukuyu na wauguzi ni majirani, nisingesubiri hata nusu saa, maana habari ingefika nyumbani kwa miguu.

Saa 5:30 anapigiwa shangazi, dada wa marehemu anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwa mjane. Anaombwa alfajiri aende pamoja na mzee wa kanisa na jirani mmoja ambaye ni muuguzi mstaafu. Anaombwa pia jambo dogo lenye uzito: akifika, akusanye simu za wajukuu kabla hawajaamka kuchungulia.

Saa 5:50 anapigiwa wa Dar es Salaam, na mke wake anaombwa akae macho naye. Atasafiri na basi la alfajiri pamoja na binamu. Yeye anapewa onyo moja zaidi: asiweke picha ya baba kwenye status. Walio mbali ndio hufanya hivyo, kwa uchungu na kwa kutokuwa na mtu wa kulia naye.

Dereva haguswi usiku huo. Saa 10:45 alfajiri mpiga simu anampata dereva mwenzake wanaoongozana naye, anamweleza, anamwomba asimruhusu kuwasha gari. Kisha ndipo baba mdogo anampigia mwenyewe, mwenzake akiwa pembeni. Tajiri wa gari anapigiwa baada ya hapo ili atafute dereva mwingine, na kijana anapanda basi hadi Iringa kwa dada yake. Kutoka Ruaha Mbuyuni kuelekea Iringa ndiko Kitonga kuliko, na ndiyo maana ya kuamka mapema hivyo kwa ajili yake.

Saa 11:30 baba mdogo anafika Tukuyu. Mjane anaambiwa akiwa ameketi, shangazi kamshika mkono, muuguzi ana kipimo cha presha mkononi. Kilio kinaanza, majirani wanatoka. Kuanzia hapo siri imekwisha kijijini, na saa ya kundi inaanza kuhesabiwa kwa dakika.

Kuanzia saa 12:00 hadi 12:50 anapigiwa mjomba wa marehemu, anapigiwa mchungaji, anapigiwa mwenyekiti wa kijiji, na upande wa mjane wanajulishwa kupitia kaka yake. Mkuu wa shule ya Njombe anapigiwa pia, lakini anaombwa asimwambie mwanafunzi. Binamu aliyeko Makambako atamfuata kabla ya saa nne, na atamwambia yeye mwenyewe, ofisini kwa matroni.

Saa 1:00 asubuhi kundi linaandikiwa.

Kwa familia ya Kiislamu ratiba hii hubana. Maiti haicheleweshwi, mara nyingi maziko ni siku hiyohiyo au inayofuata, na ujumbe wa kwanza huhitaji saa ya swala ya jeneza na mahali. Mpangilio unabaki uleule, ila pigeni simu watu watatu kwa pamoja badala ya mmoja, kila mmoja na sehemu yake ya orodha.

Ujumbe wa kwanza wa kundi

Dakika tano kabla, admini afunge kundi: gusa jina la kundi juu, shuka hadi Group permissions, zima ruhusa ya wanakundi kutuma ujumbe. Wengine huona hili ni ukali. Lakini kundi lililo wazi litajaa "pole sana" mia na ishirini, na tangazo litapotea juu kabla watu wa zamu ya usiku hawajaamka. Lifungueni baada ya saa mbili au tatu, watu watoe pole zao.

Ujumbe uwe maandishi, si sauti. Sauti ya kilio husambazwa, na anayeisikiliza kwenye daladala haelewi nani amefariki. Uwe hivi:

> TAARIFA YA MSIBA
> Familia ya Mzee (jina kamili), maarufu kama (jina alilojulikana nalo), wa (kijiji), Rungwe, inasikitika kuwatangazia kifo cha baba yetu kilichotokea jana Jumanne usiku, hospitalini Mbeya, alikokuwa akitibiwa.
> Msiba upo nyumbani kwake (kijiji). Mama na watoto wote wana taarifa, isipokuwa mdogo wetu aliye shuleni Njombe. Tunaomba sana asipigiwe, wala taarifa hii isiwekwe kwenye status kabla ya saa 5:00 asubuhi.
> Taratibu za mazishi zitatangazwa hapa baada ya kikao cha familia leo jioni.
> Kwa mawasiliano: (jina la msemaji na namba moja).

Jina alilojulikana nalo liwekwe, maana mtaani Uyole wengine walimjua kwa jina la mtoto wake au la duka lake tu. Sentensi ya "mama na watoto wana taarifa" ni ya muhimu kuliko inavyoonekana: ndiyo inayomruhusu mtu kumpigia mjane kumpa pole bila hofu. Na kama yupo mmoja ambaye hajaambiwa, mtaje waziwazi. Watu hulinda kitu wanachokijua.

Sababu ya kifo isiandikwe. "Alikokuwa akitibiwa" inatosha, na kama ni ajali, "kwa ajali ya gari" inatosha. Lawama kwa hospitali, kwa dereva au kwa jirani zisiingie kabisa, kwa kuwa ujumbe huu utasambazwa nje ya ukoo ndani ya saa moja na hautarudi. Picha iwe ile ya uhai wake. Picha ya kitandani, ya mochwari au ya ajali isiwekwe, na admini aifute ikiwekwa na yeyote.

Siku ya mazishi msiitaje bado, hata kama mnaihisi. Mkiandika "Ijumaa" kabla ya mjomba na mchungaji kukubali, watu watakata tiketi, na mkibadilisha kuwa Jumamosi nusu watakuwa wameomba ruhusa kazini kwa siku isiyo sahihi. Namba ya michango nayo isubiri ujumbe wa pili. Tangazo la kifo lenye namba ya pesa chini yake linasomeka vibaya, tuseme ukweli.

Ujumbe wa pili, jioni, ndio wenye siku, saa, mahali pa kaburi, usafiri kutoka Mbeya mjini, na namba moja ya mweka hazina. Andikeni na jina linalotokea kwenye simu mtu anapotuma, na mwambie kila mtu alisome kabla ya kuweka namba ya siri. Wapo wanaochukua tangazo la msiba, wakabadilisha tarakimu za namba, wakalirusha kwenye makundi mengine. Mtu akipata jina tofauti na lililoandikwa, aache na apige simu.

Ikivuja kabla ya saa

Dalili ni za haraka. Mtu anaandika "kuna nini huko nyumbani?" kwenye kundi. Mpiga simu anapokea simu tatu mfululizo kutoka kwa watu wasio kwenye orodha. Au mtu mmoja anaweka "RIP mzee wetu" na mishumaa.

Admini afanye mambo mawili bila kujibu chochote: aufute ujumbe kwa wote kwa Delete for everyone, maana admini anaweza kufuta hata wa mwingine, kisha afunge kundi. Ajue kwamba kufuta hakumrudishi aliyekwisha kusoma. Kwa hiyo wakati huohuo mpiga simu anaruka moja kwa moja kwa yule aliye hatarini zaidi kuvujiwa. Kwenye mfano wetu, ikivuja saa nane usiku, hakuna tena kusubiri baba mdogo afike. Shangazi anaamshwa, anakwenda na yeyote aliye karibu, mama anaambiwa usiku huohuo. Na yule dereva mwenzake anapigiwa sasa, aishike simu ya kijana hadi habari imfikie kwa mdomo. Aliyevujisha asisemwe kundini. Apigiwe na msemaji peke yake, sentensi mbili.

Kama mtu muhimu amekwisha kuisoma kabla ya kuambiwa, apigiwe na msemaji mwenyewe, si mpiga simu. "Mjomba, nisamehe, ulipaswa kuisikia kwangu. Nilikuwa nakuja kwenye jina lako." Asieleze zaidi. Maelezo marefu ya nani alikosea huonekana kama kujitetea, na mjomba atayabeba hadi kikaoni.

Simu ya marehemu

Wengi huichukua simu ya marehemu kwa sababu ndiyo yenye namba za rafiki zake, wakaanza kupiga nayo. Fikiria mtu anayeona "Mzee" anampigia saa kumi na mbili asubuhi, anapokea kwa furaha, "Shikamoo baba, umepata nafuu?" Nakilini namba kwenye simu nyingine mpige kutoka huko. Msiandike chochote kwenye kundi kwa akaunti yake.

Lakini simu isizimwe. Ibaki kwa mtoto mmoja, ikiwa na chaji, kwa sababu watu wa vikoba, wa kuuziana mahindi na viazi, na wale waliosoma naye watapiga humo kwa wiki kadhaa wakiwa hawana habari. Anayepokea aseme mapema, kabla mwenzake hajaendelea na mazungumzo: "Shikamoo, anayeongea ni mwanaye. Samahani, baba alifariki Jumanne." Namba yake kwenye kundi la ukoo iacheni hadi baada ya matanga. Ikiondolewa mapema, wasapu itaandika mbele ya wote kwamba admini fulani amemwondoa baba yenu, na mama ataisoma.